Majani ya mama nayo yaandikwe kwenye orodha ya dawa?

Swali: Mama yangu ana miaka 73 na anatumia metfomini na glibenklamaidi za kisukari, na losatani ya presha. Asubuhi na jioni hunywa maji ya mwarobaini, na magoti yakimuuma hununua diklofenaki dukani. Siku hizi alfajiri hutokwa na jasho na kuongea maneno yasiyoeleweka. Kliniki wanataka orodha ya dawa zake. Je, na majani niyaandike, ilhali si dawa?

Jibu: Yaandike, lakini kwanza mpeleke hospitali leo. Dalili hizo zikirudi, mpime sukari papo hapo. Ikiwa chini ya 3.9 mmol/L naye anaweza kumeza, mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, kisha umpime tena baada ya dakika 15. Akishindwa kumeza, asinyweshwe kitu, mkimbize hospitali. Hata akizinduka msimwache nyumbani, kwa sababu glibenklamaidi hukaa mwilini muda mrefu na sukari huweza kushuka tena. Mwarobaini ausimamishe, na dozi inayofuata ya glibenklamaidi asiimeze kabla daktari hajaamua.

Hilo la kwamba majani si dawa nimechoka kulisikia kwenye dirisha langu la dawa. Kama mwarobaini hauna nguvu ya dawa, mama anaunywea nini? Unaweza kushusha sukari, na hapo unaongezea kazi ambayo vidonge viwili tayari vinaifanya. Diklofenaki nayo, ikikutana na losatani, huweza kuzielemea figo za mzee, na figo zikilegea glibenklamaidi huzidi kubaki mwilini. Daktari anayeona vidonge vitatu tu hawezi kuugundua mnyororo huo.

Tumia karatasi moja, si tatu. Kusanya kila kitu mezani, pamoja na matone ya macho, dawa za kupaka na vilivyofichwa chini ya mto, kisha nakili jina kutoka kwenye kasha herufi kwa herufi. Andika miligramu, anavyotumia kweli (si alivyoagizwa), ni ya nini, nani aliitoa na ilianza lini. Kwa mitishamba taja mmea, sehemu yake na kipimo: "Mwarobaini, majani, yamechemshwa, kikombe kimoja cha chai asubuhi na jioni, tangu Machi." Iliyoachwa ipigiwe mstari na tarehe, usiifute, maana daktari atataka kujua kilichobadilika kabla ya dalili kuanza.

Ninaowaogopa zaidi ni wauza unga wa "siri ya babu". Baadhi ya unga wa maumivu ya viungo umewahi kukutwa umechanganywa na dawa za hospitali za jamii ya steroidi, ambazo hupandisha sukari. Mgonjwa huongezewa dozi, na siku unga ukiisha, sukari huporomoka. Muuzaji akikataa kusema kilichomo, mzee asiunywe. Ikiwa ameshaunywa, andika: "Unga wa kahawia, hauna jina, kijiko kimoja usiku," na uende na kopo lenyewe.