Kidonge cha kikaratasi: maswali yenu wiki hii

Mie hununua vidonge vya usingizi Kongowea, kumi kwa kikaratasi. Mbona safari hii viwili vimenilaza mpaka adhuhuri?

Dada, kidonge cheupe cha duara chenye mstari katikati ni sura ya dawa chungu nzima. Tuseme zamani ulikuwa wapewa diazepamu ya miligramu 5, viwili vikawa 10. Sasa muuzaji kaishiwa, akakutilia klonazepamu ya miligramu 2, naye pengine hajui tofauti. Namba yaonekana ndogo, lakini kimoja hicho chakaribia miligramu 40 za diazepamu, kwa hivyo viwili ni kama umemeza 80, mara nane ya ulivyozoea! Na hapo nimechukulia ni dawa ya kweli, maana kikiwa cha kupikwa uchochoroni hata hesabu hii huwezi kuipiga.

Kwani feki haijulikani kwa kuonja?

Haijulikani. Uchungu hausemi miligramu, na hata karatasi yenye jina na tarehe huigwa.

Kaka yangu wa tuktuk hukipiga kimoja na bia, ati apoe. Juzi alikoroma hatuwezi kumwamsha, tukamwacha alale. Tulikosea?

Mlikosea, na mshukuru Mungu aliamka. Pombe na kidonge hicho vyote hupunguza pumzi, na vikikutana hupunguza zaidi, ndiyo mtu anakoroma kama maji yanabubujika kooni halafu kimya. Siku nyingine mtikiseni, mwiteni jina kwa nguvu, asipoitika msingoje, mlazeni ubavu mdomo ukitazama chini ili akitapika asisakamwe, muwahisheni hospitali. Njiani hesabuni pumzi dakika nzima, zikiwa chini ya kumi hali ni mbaya sana, na tazameni ndani ya mdomo kama ufizi umegeuka rangi. Maziwa, ndimu, maji ya chumvi, yote hayo wekeni kando, mtu hajijui mtamsakamisha tu. Kidonge kilichobaki mfukoni mwake chukueni mkampe daktari, na bia msiifiche kwa haya.

Mamangu amevimeza kila usiku miezi sita. Jana nimevitupa vyote chooni. Nimefanya vyema?

Nia njema, lakini leo hii mpeleke kwa daktari, usingoje Jumatatu. Mwili uliozoea miezi sita ukikatiwa ghafla hutetemeka, hutoa jasho, hukesha, na wengine hupatwa na degedege, nayo inaweza kuua. Vidonge hivi hupunguzwa kidogo kidogo, wiki hata miezi, na daktari huanza kwa kumpa dawa ambayo nguvu yake yajulikana. Mwambie alikuwa anameza vingapi, na useme wazi ni vya mtaani, kwa sababu ukisema "dawa ya usingizi" tu atakisia dozi ya kemisti. Degedege ikimshika kabla hamjafika, mlaze ubavu, na kijiko usimtie mdomoni.