Dripu ya sita imeisha: niandike nini chini ya picha?

Nimemaliza dripu sita za kemo, saratani ya titi. Nimeandika: "Nimepambana na kifo, machozi yangu anayajua Mungu, leo nimeishinda saratani." Mume wangu anasema nitawaliza watu. Nirekebisheje?

Mumeo ameona sawa, dada. Anayesoma "kifo" na "machozi" hana la kujibu ila "pole sana mpenzi". Mweleze lililotokea, naye atalijibu hilo. Anza na siku na idadi, mtaje mtu mmoja au wawili na walichokufanyia, kisha sema kinachofuata:

"Leo nimemaliza dripu ya sita. Ya kwanza ilikuwa Machi. Mama, asante kwa uji wa kila asubuhi, hata siku nilizoutapika. Baba Asha, asante kwa kuningoja kwenye benchi. Mwezi ujao naanza mionzi."

Kwenye uji hapo msomaji ameshaelewa ulivyoumwa, huhitaji kuongeza mateso mengine. Na hilo la kushinda, naomba uliache kabisa. Wapo uliokaa nao wodini ambao wametangulia, na ndugu zao wataisoma status yako. Watajiuliza marehemu wao alikosa nini, hakupambana?

Kwa nini nisiandike tu "nimepona"?

Andika neno alilokupa daktari. Kumaliza kemo ni kumaliza hatua moja. Saratani ya titi inayochochewa na homoni huendelea kutibiwa kwa vidonge, kama vile tamoksifeni, kwa miaka 5 au zaidi, na kliniki za ufuatiliaji huwa za karibu karibu miaka ya mwanzo. Ukitangaza umepona, siku utakapoonekana kwenye foleni ya kliniki mtaa utasema imerudi, nawe utaanza kujieleza upya. Vipimo vikionyesha hakuna dalili za ugonjwa, andika hivyo hivyo: "Vipimo vya leo havijaonyesha dalili za ugonjwa. Namshukuru Mungu."

Picha niweke yenye kipara?

Ukijipenda hivyo, weka. Ila usiiunganishe na ile ya kitandani ili watu walinganishe. Ya kitandani ndiyo itakayosambazwa.

Mdogo wangu amemaliza mionzi. Nataka kumpongeza kwa kumwita "shujaa wetu". Ni sawa?

Umemuuliza? Huenda kazini kwake hawajui, na kama ni shingo ya kizazi, huenda hataki itajwe hata kwa wakwe. Habari hiyo ni yake. Akikubali, msomee maneno yote kabla hujayaweka, na akisema ondoa, ondoa. Neno shujaa huwachosha wengi, kwa sababu siku wakilia au wakichoka wanaona wamewaangusha. Mwite kwa jina mnalomwita nyumbani:

"Leo mdogo wangu amemaliza mionzi yake yote 25. Jumapili tunakula pilau kwake. Anasema mje, lakini msimletee sura za msiba."