Nimehama, standing oda ya kodi bado inakata

"Nilihama Migosi, Kisumu, tarehe 28 na funguo nikarudisha. Benki itakata kodi ya 14,000 tarehe 5. Landilodi bado ana dipoziti yangu. Niiache ikate mpaka tumalizane?"

Usiiache, ndugu yangu. Standing oda ni agizo lako kwa benki, kwa hivyo huhitaji ruhusa ya landilodi kulifuta. Nenda na kitambulisho kesho, usingoje tarehe 4, maana benki huhitaji siku kadhaa za kazi. Andika namba ya akaunti, kiasi, jina la anayelipwa na tarehe ya mwisho, kisha udai nakala yenye muhuri. Usijaribu kuitoroka kwa kumaliza pesa kwenye akaunti: agizo likigonga mwamba, benki huenda ikakutoza faini.

Kwanza lakini angalia notisi. Kama mkataba unataka mwezi mmoja na hukuutoa, huenda kodi hiyo bado ni deni lako.

Dipoziti idai kwa barua nyingine kabisa, ukiambatisha picha za nyumba na ushahidi wa kurudisha funguo. Ukichanganya mambo haya, landilodi atasema ulikatiza kodi kwa hasira. Na kama 14,000 itakatwa kabla hujafika, benki kwa kawaida haiwezi kuirudisha bila yeye kukubali. Iandike kama dai la pekee, kando na dipoziti.

Akikataa, muulize wakili kuhusu Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai ya hadi shilingi 1,000,000.