Kirikuu chetu kilivyopaa mbele ya majaji

Gemu tuliyoitengeneza kwa saa 48 kwenye shindano la kutengeneza gemu haikuwa na mambo mengi: kirikuu kimesheheni ndizi, kinatoka Tukuyu kwenda Uyole kwenye ukungu, na mchezaji anafunga breki mapema ili mikungu isimwagike kwenye kona. Kwenye laptopu zetu hapa Mbeya ilikwenda vizuri. Jaji mmoja akaifungua kwenye mashine yake yenye skrini ya 144 Hz, kirikuu kikachomoka kama kimerushwa kwa manati. Hakuna aliyefika kona ya pili.

Tulikuwa tunatumia Godot, na kosa lilikuwa hapa:

```
func _process(delta):
    position.x += 5
```

`_process` huitwa kila fremu inapochorwa. Skrini zetu ni za 60 Hz, kwa hiyo kirikuu kilisogea pikseli 300 kwa sekunde. Kwa jaji kilisogea 720. Dawa yake inajulikana: andika kasi kwa sekunde, kisha zidisha kwa `delta`, yaani muda uliopita tangu fremu iliyotangulia. Tukaweka `300 * delta`, tukadhani tumemaliza.

Breki zikatuumbua. Tulizipunguzia kasi kwa `kasi *= 0.95`, nayo pia ilikuwa kila fremu. Ukishika breki nusu sekunde, kwenye 60 Hz inabaki kama asilimia 21 ya kasi, kwenye 144 Hz asilimia 2 na ushee. Gari likawa linaganda papo hapo, gemu ikawa rahisi mno. Hili ndilo gumu kuliona, kwa sababu hakuna kinachoonekana kimeharibika. Ukitaka kubaki kwenye `_process`, andika `kasi *= pow(0.95, delta * 60)`. Sisi tulihamishia mwendo wote kwenye `_physics_process`, ambayo kwa kawaida huitwa mara 60 kwa sekunde, skrini iwe ya aina gani.

Huhitaji kuazima laptopu ya bei mbaya kulipima hili. Weka `Engine.max_fps = 30` ndani ya `_ready()`, endesha gemu, na kwa saa ya simu pima muda kutoka mwanzo hadi kona ya kwanza. Ondoa mstari huo, pima tena. Muda ukitofautiana, bado kuna hesabu inayofuata fremu. Fanya hivyo siku ya kwanza, kabla hujaanza kurekebisha ugumu wa kona, la sivyo namba zote ulizozihangaikia utazipanga upya.

Kilichotubeba ni kufuta mapema hatua mbili kati ya tatu za gemu (kulikuwa na ubishi, acha tu) na kurekodi honi kwa simu pale Uyole. Majaji waliisifia honi kuliko michoro iliyotukesha.

Jambo moja la kuangalia: kwenye kompyuta dhaifu kupita kiasi, `_physics_process` nayo huzidiwa, kwani kwa kawaida Godot huruhusu iitwe mara 8 tu kwa fremu moja. Hapo gari halitaruka kona, ila gemu nzima itakwenda polepole.