Kabla ya kubofya bei ya shilingi kwenye duka la nje

Duka la Marekani likikuonyesha bei kwa shilingi za Kenya, mara nyingi limeshakubadilishia fedha kwa kiwango chake, na faida yake imo humo humo. Ukilipa kwa dola, kazi hiyo inafanywa na Visa au Mastercard, kisha benki yako inaongeza ada yake. Kwa hiyo unachopaswa kujua ni nani kati yao anayekata kidogo.

Hesabu yake si ngumu. Jaza kikapu mpaka gharama ya usafirishaji iingie, andika jumla kwa shilingi, badilisha sarafu iwe dola, uandike tena. Gawanya ya kwanza kwa ya pili. Tuseme ni shilingi 10,880 na dola 80: duka linakuuzia dola kwa 136. Sasa fungua kikokotoo cha viwango kwenye tovuti ya Visa (Mastercard nao wana chao). Tuseme siku hiyo kinasema 129.50, yaani shilingi 10,360. Benki yako ikitoza asilimia 3, utalipa takriban 10,671, na dola imekuokolea shilingi 209. Lakini benki inayotoza asilimia 5.5 itakufikisha 10,930, na hapo bei ya shilingi ndiyo nafuu. Katika mfano huu mpaka ni asilimia 5, kwa sababu 136 imezidi 129.50 kwa kiasi hicho.

Ndiyo maana ushauri wa "lipa kwa dola siku zote" hautoshi. Ulizia benki mambo mawili: mnakata asilimia ngapi kwa malipo ya dola, na je, mnakata pia duka la nje likitoza kwa shilingi? La pili wengi hawaliulizi. Zipo benki zinazotoza ada kwa kuwa tu muuzaji yuko nje ya nchi, sarafu iwe yoyote. Ukikatwa asilimia 2 juu ya ile 10,880, unafika 11,098, umelipia ubadilishaji wa duka na ada ya benki kwa pamoja. Na kama kadi yako ni ya akaunti ya dola, usiguse bei ya shilingi kabisa: dola zitageuzwa shilingi, kisha zirudi kuwa dola.

Tena, maduka mengine huonyesha shilingi kama makadirio tu, huku yakitoza dola. Soma ukurasa wa mwisho kabla ya kuthibitisha, maana sarafu itakayokatwa imeandikwa pale. Kwa Amazon, chaguo la kubadilisha sarafu liko karibu na kadi uliyochagua, na huenda limeshawekwa kwenye shilingi, kwa hiyo libadilishe wewe mwenyewe kama dola ndiyo nafuu.

Baada ya kulipa, usihukumu kwa ujumbe wa kwanza wa benki. Kiasi hicho kimezuiwa tu. Malipo hukamilika siku chache baadaye, na kiwango kinaweza kuwa kimesogea. Linganisha na taarifa ya akaunti.