Rec. 709 au rangi pana kwa kazi ya televisheni?

"Monita yangu ina Rec. 709 na Native. Native inapendeza zaidi. Nisahihishie rangi za kipindi cha televisheni katika ipi?"

Ndugu, tumia Rec. 709, kiwango cha rangi cha televisheni ya HD, pamoja na gama 2.4 na mwangaza wa takribani niti 100 katika chumba chenye mwanga hafifu, maadamu kipindi hicho si cha HDR.

Native, yaani rangi pana zote ambazo monita inaweza kuonyesha, inapendeza kwa sababu inakuza rangi zisizokuwamo katika faili. Faili hubeba namba tu, na namba ileile ya wekundu wa mwisho wa Rec. 709 monita huionyesha kwa wekundu wake yenyewe, ambao ni mkali zaidi. Hapo ndipo kosa huanza: uso wa mtangazaji unaonekana mwekundu kama aliyeungua na jua, nawe unapunguza ukolezi hadi utulie, kisha mtazamaji nyumbani anaona uso uliopauka.

Ili kuhakikisha, fungua vektaskopu, kipimo kinachoonyesha aina na ukolezi wa rangi za picha, na ubadilishe hali ya monita. Picha itabadilika, lakini alama za vektaskopu hazitasogea hata kidogo, kwa kuwa zinasoma faili, si skrini. Uso ukionekana umekolea ilhali alama zake zimekaa karibu na kitovu, usiiguse picha, rekebisha monita.