Anzeni na barua ya mjane

Swali la wiki: "Tumeshavishana pete, ndoa ni Desemba. Tusome kitabu gani kitakachotufanya tuambiane ukweli kuhusu pesa, wakwe na kila mmoja anachotarajia?"

Vitabu vya maswali ya wachumba viwekeni kando kwanza. Mchumba mjanja huliona jibu linalotakiwa kabla swali halijaisha. Riwaya haina mtego huo: mtamjadili mhusika, na katika kumjadili kila mmoja atajianika.

Ningewapa Barua Ndefu Kama Hii, tafsiri ya riwaya ya Mariama Bâ wa Senegali iliyotoka kwa Kifaransa mwaka 1979. Ramatoulaye yuko eda, anamwandikia shoga yake Aissatou. Mumewe Modou alioa mke wa pili, rafiki wa binti yao, akamjengea maisha kwa mkopo wa benki. Rehani ya mkopo huo ni nyumba anamoishi Ramatoulaye. Hati ina jina la Modou peke yake, ingawa nyumba ilinunuliwa kwa akiba yao wote wawili. Mjane anayajua haya wakati mirathi inahesabiwa.

Ukwe umo kwa Aissatou. Baba yake sonara, na mama mkwe, mwenye nasaba kubwa, hamtaki. Bibi huyo hagombani na mtu. Anakwenda kwa kaka yake, anachukua binti, anamlea na kumsomesha, kisha anamkabidhi mwanawe daktari kama mke. Mwana anakubali ili asimwaibishe mama. Hapo muulizane: mama yako akileta jambo hili, utasema nini, na utalisema mbele ya nani?

Mkimaliza, chukueni Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, msome vifungu vya 59 na 60 tu. Cha 59 kinamzuia mwenye jina kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Cha 60 ndicho huwashtua wengi: mali iliyopatikana ndani ya ndoa kwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa yake hadi ithibitishwe vinginevyo, ikiwa na majina mawili, huchukuliwa kuwa mna haki sawa.

Pigeni hesabu yenu. Tuseme mmeshaoana, mnanunua kiwanja cha milioni 8, bibi ametoa 3 taslimu, hati ikaandikwa jina la bwana. Mzigo wa kuthibitisha ni wa bibi, naye hana hata risiti. Aliyetuma kwa simu ana pa kuanzia.

Utendi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858, usomeni mwisho, kwa sauti. Ni wosia wa mama kwa bintiye namna ya kumtunza mume. Bwana arusi aweke alama kwenye beti anazozitarajia kimoyomoyo, bibi arusi kwenye zile ambazo hataziweza, kisha mbadilishane nakala.

Msomaji, Morogoro